Uzi: Msambazaji anataka oda ya 25,000 na katoni nzima ya 24, mimi nauza pakiti nane kwa mwezi. Nyinyi mnafanyaje?

#1 BintiLangoni
Assalam aleikum. Nina duka la rejareja hapa Langoni, Lamu. Msambazaji wangu huleta lori Mokowe kila baada ya wiki mbili, na mzigo unavuka kwa mashua. Masharti yake ni mawili: invoisi isipungue 25,000, na kila kitu ni katoni nzima, havunji.

Tatizo ni unga wa uji wa watoto, ule wa kukoroga na maji ya moto. Katoni ni pakiti 24 kwa 5,040, yaani 210 kila moja, nami nauza 260. Kwa mwezi zinatoka kama nane. Nilidhani 24 ni mzigo wa miezi mitatu, lakini rafu imejaa na tarehe zinakaribia kuisha. Vitu vinavyokimbia, sabuni na nepi, ndivyo vinavyoniishia. Nakosea wapi, niagize vipi?

#2 Sufuria_Malindi
Waleikum salaam. Dada, hapo ni kubembeleza bei tu. Mwambie akushushie hadi 195, ukipata faida kubwa hata chache zikiharibika huumii. Mimi na mkahawa wangu hapa Malindi sinunui kitu bila kuvutana.

#3 BintiLangoni
@Sufuria_Malindi ahsante, ila sijalalamikia bei. Hata akinipa kwa 195 bado zitakuwa 24.

#4 KaranileGodauni
Niliwahi kufanya kazi godauni la msambazaji kabla sijarudi kulima, kwa hiyo niulize kwanza: hizo pakiti nane ni za ladha moja au umejumlisha?

#5 BintiLangoni
Nimejumlisha. Ndizi zinatoka tano, mchanganyiko wa matunda mbili, ya mboga moja. Katoni huja ladha moja moja.

#6 KaranileGodauni
Basi mchawi wako ni huyo. Hesabu ya miezi mitatu ni ya uji wote, lakini katoni haijui uji wote, inajua ndizi. Pakiti 24 za ndizi kwa mwendo wa tano kwa mwezi ni karibu miezi mitano. Mchanganyiko ni mwaka mzima. Mboga ni miaka miwili, mtoto aliyeanza nayo atakuwa anakula pilau.

Tarehe zilikuwa na miezi mingapi mzigo ulipofika?

#7 BintiLangoni
Minne. Mitano ikiwa nina bahati.

#8 KaranileGodauni
Sawa, tuseme minne. Ndizi utauza 20, zitabaki 4. Umeingiza 20 mara 260, ni 5,200. Katoni ilikula 5,040. Faida ya miezi minne ni shilingi 160, na hapo sijahesabu mashua wala mkokoteni. Mchanganyiko utauza nane, uingize 2,080, umepoteza karibu elfu tatu. Mboga hata nisiseme.

Sasa niambie, je, kuna mtu hapo mjini au Malindi anayekuuzia pakiti moja moja?

#9 BintiLangoni
Yuko wa jumla hapa hapa mjini, anauza 235 reja. Nilimkimbia kwa sababu ananibakishia faida ya 25 tu.

#10 KaranileGodauni
Hiyo 25 ndiyo itakuokoa. Pakiti 20 za ndizi kwa 235 zinakupa 500, na hakuna hata moja inayochacha. Katoni inakupa 160. Mpaka wenyewe uko hivi: katoni inampita mtu wa reja ukiuza angalau pakiti 22 kabla ya tarehe. Ukiuza 21, reja imeshinda. Kwa hiyo swali la kujiuliza mbele ya katoni ni kama 22 zitatoka ndani ya muda uliobaki. Faida ya 50 kwa pakiti ni ya pakiti zilizouzwa tu.

#11 PunguaniWaShela
Karani umerudi shambani kweli au uko ndani ya shamba na kikokotoo? 😂

#12 Mhasibu_Kitabu
Naomba nichangie kitaalamu. Kuna kanuni ya kiasi bora cha kuagiza, aliitoa Ford Whitman Harris mwaka 1913. Unachukua mauzo ya mwaka, gharama ya kila oda, na gharama ya kuweka pakiti moja mwaka mzima, unapata namba. BintiLangoni atafute namba yake, kisha akatae chochote kinachoizidi.

#13 KaranileGodauni
@Mhasibu_Kitabu kanuni ni ya kweli na mwaka ni huo. Ila "akatae chochote kinachoizidi" hapana. Gharama ile iko bapa karibu na kiasi bora. Ukiagiza mara mbili ya kinachotakiwa, jumla ya gharama ya kuagiza na kuweka inapanda robo tu. Kwa sabuni, katoni iliyo kubwa mara mbili ya hitaji si janga.

Janga la uji linatoka mahali ambapo kanuni ya Harris haitazami: tarehe. Yeye anadhani kitu kinakaa rafuni kikiwa kizima. Kikifika siku ya kuisha, gharama haipandi taratibu, inaruka.

#14 Mhasibu_Kitabu
Nakubali kwa vyenye tarehe. Ila mtaji nao unalala. Usiseme ni bapa kwa mtu ambaye pesa yake yote iko rafuni.

#15 NahodhaMkanda
Mimi nauza vipuri vya mashini za boti. Pini za propela zinakuja boksi la kumi, plagi vivyo hivyo. Pini haichachi, hivyo nachukua boksi bila kuwaza. Nyinyi mnajipa tabu na uji.

#16 PunguaniWaShela
Haichachi, inaota kutu. Hewa ya chumvi ya hapa inakula hata bawaba ya mlango. Mwaka jana umeniuzia pini nyekundu kama henna, nahodha.

#17 NahodhaMkanda
Ile ilikuwa rangi ya kiwandani.

#18 DerevaWaGaruni
Naona watu wanamtazama msambazaji kama mnyang'anyi. Mimi nimeendesha njia ya Mombasa mpaka Mokowe. Lori likitoka, mafuta ni yale yale, turnboi ni yule yule, uwe umeagiza katoni tatu au thelathini. Kuna kushusha Mokowe, kupakia mashua, kushusha tena gatini, ndipo wenye mikokoteni. Oda ya elfu tano inakula faida yake yote njiani. Ile 25,000 ni nauli iliyofichwa.

Na katoni ya 24 si yake, ni ya kiwanda. Yeye mwenyewe anasukumiwa mzigo mkubwa kuliko huo.

#19 Sufuria_Malindi
Nauli gani? Wanataka kumaliza mzigo wenye tarehe fupi, wanautupa kwetu wadogo. Mbona supamaketi haziletewi yenye miezi minne?

#20 KaranileGodauni
Nyote mna kipande. Godauni likiendeshwa vizuri, mzigo wa tarehe ya karibu hutoka kwanza. Hilo ni kawaida, si njama. Duka kubwa huandika kwenye oda yake kwamba halipokei mzigo uliobakisha muda chini ya kiasi fulani, na likiletewa linarudisha. Mdogo haandiki, kwa hiyo kilichokataliwa kule kina njia moja tu ya kwenda. BintiLangoni, siku nyingine uliza tarehe kabla ya kulipa. Katoni ile ile ya ndizi ikija na miezi sita inatoka yote.

#21 KijanaWaLaptopu
Mimi namwekea mjomba hesabu kwenye lahajedwali, nayo inasema yenyewe lini aagize. Fomula ni hii:

```
=IF(B2<=C2, CEILING(D2-B2, 24), 0)
```

B ni zilizopo, C ni kikomo cha kuagiza, D ni kiwango cha juu. Ndizi zikibaki 4 na kiwango cha juu ni 10, inamwambia aagize.

#22 Mhasibu_Kitabu
Inamwambia aagize ngapi?

#23 KijanaWaLaptopu
24.

#24 Mhasibu_Kitabu
Zilipungua sita. Ikasukuma mpaka katoni, sasa ana 28 wakati wewe mwenyewe uliandika juu mwisho ni kumi. Kiwango chako cha juu ni pambo. Ongeza safu ya E, mauzo ya mwezi, kisha:

```
=(B2+24)/E2
```

Hiyo inakupa miezi itakayochukua. Kwa ndizi ni 28 gawa kwa 5, yaani miezi mitano na nusu na kitu. Ilinganishe na miezi iliyobaki kwenye tarehe kabla mjomba hajabonyeza M-Pesa.

#25 BintiLangoni
Nimefuata yote. Lakini turudi kwa ile 25,000. Kuna siku nilichukua uji si kwa sababu ulipungua, ni kwa sababu invoisi ilikuwa 18,000 na mtu wa mauzo aliniambia nijazie. Uji ukawa wa kujazia.

#26 MamaMkomani
Hapo ndipo tunapoumia wengi. Mimi nilijazia viberiti. Bado ninavyo, mkitaka karibuni.

#27 KaranileGodauni
@BintiLangoni hilo ni shina jingine kabisa, nashukuru umelitaja. Sharti la katoni linakubana bidhaa moja moja. Sharti la invoisi linabana kapu zima. Dawa zake hazifanani.

Kila lori unahitaji mzigo wa 18,000, na lori ni kila wiki mbili. Maana yake duka linauza mali ya 9,000 kwa wiki, kwa bei ya kununulia. Ukimpa 25,000 kila lori, kwa wiki nne umenunua 50,000 na umeuza 36,000. Zile 14,000 zimelala. Baada ya miezi mitatu ni zaidi ya elfu 40. Rafu yako haikujazwa na uji, imejazwa na hiyo tofauti. Uji ulikuwa karibu na mlango tu.

#28 Sufuria_Malindi
Si ajazie na sabuni basi? Sabuni inauzika.

#29 KaranileGodauni
Ni nafuu kuliko kujazia na uji, maana sabuni itatoka. Lakini umeikopa kutoka oda ijayo. Lori linalofuata atahitaji mzigo wa 11,000 tu, na pengo la kufikia 25,000 limekuwa 14,000. Atajazia zaidi. Lori la tatu halitakuwa na cha kujazia.

Kama mauzo ni 9,000 kwa wiki, oda ya 25,000 ni mzigo wa karibu wiki tatu, na lori halina wiki ya tatu. Kwa hiyo aruke lori moja: aagize 36,000 kila wiki nne. Wastani wa mali rafuni utapanda kwa elfu tisa hivi, lakini ni mali inayotembea.

#30 BintiLangoni
36,000 kwa mkupuo sina. Na msambazaji hakopeshi.

#31 Mhasibu_Kitabu
Karani, kuna njia ya kati. Malori matatu ni wiki sita, mauzo 54,000. Gawa kwa mawili: 27,000 na 27,000, lori la tatu aliruke. Kila invoisi imevuka 25,000, hakuna cha kujazia, na hatoi 36,000 kwa mkono mmoja.

#32 KaranileGodauni
Hii ni bora kuliko yangu. Naichukua.

#33 DerevaWaGaruni
Ngojeni. Fuateni hesabu hiyo mpaka mwisho. Akianza na 27,000, wiki ya pili zimebaki 9,000, anaongeza 27,000 zinakuwa 36,000. Wiki ya nne anaruka, zimebaki 18,000. Wiki ya sita lori linafika amebakiwa na sifuri. Sifuri! Mwishoni mwa 2023 mvua za El Nino zilipokuja, barabara ya Garsen kwenda Lamu ilikatika pale Gamba, malori yalilala. Mpango wenu unaomba Mungu kila wiki ya sita.

#34 Mhasibu_Kitabu
Basi aweke akiba ya wiki moja chini yake, 9,000, mara moja tu, halafu mzunguko uendelee juu ya hiyo.

#35 DerevaWaGaruni
Wiki moja haivuki mafuriko.

#36 Mhasibu_Kitabu
Duka dogo haliwezi kuweka akiba ya mafuriko mwaka mzima. Ataweka wiki moja, na mvua zikikaribia aongeze.

#37 MamaMkomani
Na hiyo 9,000 kwa wiki ni ya miezi ya kawaida. Ramadhani duka langu halifanani, Maulidi nayo mji unafurika wageni. Ukitumia wastani wa mwaka, mwezi wa tende utakosa na mwezi wa baridi utalala na mzigo.

#38 Sufuria_Malindi
Kweli kabisa. Hapa Malindi mwezi wa tano hoteli nyingi zimefunga. Mtu wa sosi alinijia na "nunua kumi upate moja bure" wakati huo huo. Ile ya bure nilimaliza kuila mwenyewe nyumbani.

#39 PunguaniWaShela
Bei haukuvutana siku hiyo?

#40 Sufuria_Malindi
Nilivutana. Nilipata mbili bure.

#41 BintiLangoni
😂 Swali jingine dogo. Daftari langu linaonyesha nepi zimepungua mauzo. Nipunguze oda?

#42 KaranileGodauni
Usipunguze kabla hujaangalia siku ambazo rafu ilikuwa tupu. Kama nepi ziliisha katikati ya mwezi, daftari litasema umeuza nusu, nalo halijui kwamba wateja walikuja wakaondoka. Ukiagiza kwa namba hiyo, mwezi ujao zitaisha mapema zaidi, na daftari litasema zimeshuka tena. Gawa mauzo kwa siku ambazo mzigo ulikuwepo tu.

Jambo la pili kuhusu uji. Kama utabaki na katoni za ndizi zenye tarehe ndefu, usiagize zikibaki nne. Ngoja zibaki mbili, hata moja. Katoni ikikaa karibu miezi mitano unakutana na hatari ya kuishiwa mara mbili tatu kwa mwaka, si kila mwezi. Kuna sababu gani ya kujilinda sana?

#43 MamaMkomani
Hapo sikubaliani. Mama mwenye mtoto akikosa uji kwako hasubiri lori. Anakwenda duka jingine, na akifika huko ananunua na sukari, na nepi, na mkate. Wewe unahesabu pakiti moja ya uji, kumbe umepoteza kapu zima.

#44 KaranileGodauni
Ndio maana nikasema yuko mtu wa 235. Zikibaki mbili, avute tatu za reja za kumfikisha kwenye lori.

#45 MamaMkomani
Kama naye anazo. Msambazaji wenu ni mmoja. Lori likikwama, mmeishiwa nyote siku moja.

#46 Chipukizi_Mpeketoni
Samahani, nimesoma kuanzia juu. Mbona maduka mawili matatu hayaungani yaagize pamoja? Katoni inagawanywa, na 25,000 inafikiwa bila jasho.

#47 PunguaniWaShela
Mgeni huyu, mpeni kiti.

#48 DerevaWaGaruni
Nimeona ikifanyika. Inakwenda vizuri mpaka mmoja aseme "nitakupa Ijumaa". Invoisi ina jina moja, na anayelipa msambazaji ni mwenye jina. Pesa ikusanywe yote kabla oda haijaenda, vinginevyo acheni.

#49 Mhasibu_Kitabu
Na mgao ukubaliwe kabla, hasa wa ladha. Pakiti 24 za ndizi kwa maduka mawili ni rahisi. Ya mboga kila mtu atasema "chukua wewe."

#50 MamaMkomani
@BintiLangoni mimi niko tayari kwa ndizi, kumi na mbili kwangu kumi na mbili kwako. Nauza nne kwa mwezi, hivyo miezi mitatu zimekwisha.

#51 BintiLangoni
Nami miezi miwili na nusu. Yeo nampigia mtu wa mauzo nimuulize tarehe kwanza. Mchanganyiko nitachukua reja kwa 235. Mboga naacha kabisa, yule mteja wangu mmoja nitamwagizia akiniambia.

#52 KaranileGodauni
Muulize pia kama ile 25,000 inalegea mwisho wa mwezi. Watu wa mauzo wana lengo la mwezi, na siku za mwisho niliwahi kuona oda ya 19,000 ikipita bila neno.

#53 Sufuria_Malindi
Si nilisema kuvutana!

#54 DerevaWaGaruni
Inalegea pia ili akuongezee. Atakupa oda ndogo ya sabuni halafu akuombe umsaidie na katoni mbili za kitu asichoweza kukiuza mahali pengine. Nimezibeba sana hizo.

#55 MamaMkomani
BintiLangoni, mashua nalipa nusu, lakini mkokoteni wa kutoka gatini mpaka Mkomani nani analipa? Wewe uko karibu.

#56 BintiLangoni
Ndoo inbox tuongee, hapa Punguani anasoma.

#57 PunguaniWaShela
Nina punda wawili wa kukodi. Bei yangu ni kwa katoni nzima, sivunji.